Kumaliza sentensi ya Kiingereza kwa kihusishi: maswali na majibu

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu. Kwenye insha niliandika "This is the house I live in" nikakatwa alama. Nimeambiwa sentensi ya Kiingereza haiishii na "in", eti niandike "the house in which I live". Nilikosea?

Marahaba. Hukukosea. Sentensi yako ni Kiingereza safi, na ndivyo mzaliwa wa lugha hiyo angeisema. Hiyo ya pili pia ni sahihi, ila ni nzito na inafaa zaidi maandishi rasmi. Mwalimu wako akitaka ujifunze mtindo wa insha rasmi, ana haki ya kukuomba utumie ile ya pili. Kuiita ya kwanza kosa la sarufi ni jambo jingine, na hapo simuungi mkono.

Kama si kosa, katazo hili limetoka wapi? Nimelisikia tangu shule ya msingi hadi chuo.

Mtu anayetajwa zaidi ni mshairi wa Kiingereza John Dryden. Mwaka 1672 aliandika akiwakosoa watunzi wa tamthilia waliomtangulia. Alichukua mstari wa Ben Jonson kutoka tamthilia ya *Catiline* ya 1611, "The bodies that those souls were frighted from", akanyooshea kidole lile "from" la mwishoni. Akaongeza kwamba dosari hiyohiyo ameiona karibuni katika maandishi yake mwenyewe. Insha yake kuhusu tamthilia, iliyotoka 1668, aliichapisha upya 1684 akiwa amezigeuza sentensi za aina hiyo.

Kwa nini aliona ni dosari? Hakueleza. Tunachojua ni kwamba Dryden alikiri kuwa alipotilia shaka Kiingereza chake, alikitafsiri kwa Kilatini ili akipime. Katika Kilatini kihusishi hukaa na nomino yake. Huwezi kukiacha peke yake mwishoni. Wengi wanaona chanzo ni hicho, nami nakubaliana nao. Lakini Kiingereza si mtoto wa Kilatini. Ni cha ukoo wa Kijerumani, na ndugu zake Kideni, Kinorwe na Kiswidi nao humaliza sentensi kwa vihusishi bila wasiwasi wowote.

Baadaye, mwaka 1762, kasisi Robert Lowth akatoa kitabu cha sarufi kilichosomwa sana. Watu humlaumu kwa kupiga marufuku, kumbe hakupiga. Alisema ni mazoea ambayo Kiingereza kina mwelekeo mkubwa nayo, yanafaa mazungumzo na maandishi ya kawaida, ila kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi kwenye mtindo wa hadhi. Tena sentensi yake yenyewe inasema "which our language is strongly inclined to". Soma neno la mwisho. Vitabu vya shule vilivyofuata ndivyo vilivyogeuza ushauri wa mtindo kuwa amri.

Waandishi wakubwa wanafanyaje?

Shakespeare katika *The Tempest* ana "We are such stuff as dreams are made on", na katika *Hamlet* "the thousand natural shocks that flesh is heir to". H. W. Fowler, ambaye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya 1926 iliheshimiwa mno, aliliita katazo hili ushirikina. Mwaka 2024 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster walirudia kutangaza mtandaoni kwamba inaruhusiwa, na bado watu wakabishana nao.

Mimi ni mfasiri. Mhariri wangu anataka kila kihusishi kihamishwe mbele. Kuna mahali hakihamishiki?

Kuna mahali pengi, na hili ndilo la kumwonyesha mhariri wako. Chukua "the house that I live in". Palipo na "that", kihusishi hakiwezi kutangulia: "the house in that I live" si Kiingereza. Lazima kwanza ubadilishe "that" kuwa "which". Chukua kauli ya kutendwa: "The bed was slept in", "He was laughed at". Ukikihamisha hapo, sentensi inavunjika.

Kisha kuna vitenzi vinavyoundwa na zaidi ya neno moja, kama "put up with", yaani kuvumilia. Maneno hayo yameshikana maana. Ule mzaha wa "up with which I will not put", ambao watu humbandika Winston Churchill bila ushahidi wa kutosha, ulitungwa kuonyesha jinsi sentensi inavyoharibika ukiyatenganisha. Na jaribu kumuuliza mtu "For what is this?" badala ya "What is this for?" Ataelewa, lakini atakushangaa.

Wanafunzi wetu hukosea wapi hasa kwenye jambo hili?

Nashukuru kwa swali hili, maana ninaposahihisha nakuta makosa mawili ya kweli, nayo hayazungumzwi.

La kwanza ni kukisahau kihusishi kabisa. Sisi tunasema "kiti cha kukalia", "kisu cha kukatia mkate". Kazi ya kihusishi imebebwa na kitenzi chenyewe: "kaa" imekuwa "kalia", "kata" imekuwa "katia". Kitenzi cha Kiingereza hakinyambuliki hivyo. Mwanafunzi akishaandika "a chair to sit" anadhani amemaliza, kumbe bado "on". Vivyo hivyo "a knife to cut the bread" inadai "with". Ukitaka kujikagua, rudia sentensi kwa Kiswahili. Ukisikia kauli ya kutendea, au "naye" na "nacho" kama katika "mtu niliyezungumza naye", mara nyingi Kiingereza kitahitaji kihusishi: "the person I talked to". Hakipo? Kitafute.

La pili ni kukiandika mara mbili: "the house in which I live in", "the school to which he was transferred to". Hili naona limezaliwa na lile katazo. Mwanafunzi ameogopeshwa, akakitanguliza kihusishi kama alivyoagizwa, halafu sikio lake likamwambia sentensi haijakamilika, akakirudisha mwishoni. Sikio lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tungemwacha aandike "the house I live in", kosa lisingetokea. Inaniuma kuona mtoto anakatwa alama kwa sentensi sahihi, kisha anakatwa tena kwa kosa tulilomfundisha wenyewe.

Naandika barua ya kuomba kazi. Nifuate ipi?

Humjui atakayeisoma, na huenda ni mtu aliyefundishwa lile katazo. Pale sentensi inapobaki laini, tanguliza: "the project on which I worked". Ikiwa inakakamaa, usihangaike na "which". Ibadilishe sentensi nzima. Badala ya "the software with which I am familiar", andika tu "I know the software well". Barua itakuwa fupi na hakuna atakayekuwa na la kukosoa.

Kwa hiyo "Where are you at?" nayo ni sawa?

Katika maandishi rasmi, hapana, lakini sababu si mahali kihusishi kilipo. "Where" tayari inauliza mahali, kwa hiyo "at" haiongezi kitu. Ifute, ubaki na "Where are you?" Linganisha na "Where are you from?" Ukifuta "from" hapo, swali linakuwa jingine kabisa. Fanya jaribio hilo kwa kila kihusishi unachokitilia shaka: kifute usome. Maana ikipotea, kiache palepale mwishoni.