Waya ukianguka chini usidhani umekufa: maongezi na wananchi, Mkuranga

Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mwenyekiti asante kwa kuitisha mkutano haraka hivi, na kina mama poleni na jua, sogeeni huku chini ya mwembe kuna nafasi, hatuanzi mpaka mkae.

Mimi ni mhandisi wa TANESCO, nahusika na laini za usambazaji. Nimekuja kwa sababu ya ile ya juzi. Upepo umepiga usiku, kuti la mnazi limedondokea laini, waya umekatika ukalala pale kwenye njia ya watoto ya kwenda shule. Mafundi wamefika asubuhi wamekuta watu wamejaa, wamesimama karibu kabisa, na vijana wawili wana mti wanausogeza ule waya pembeni ili bodaboda zipite. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Ila nikwambieni ukweli ndugu zangu, mimi nilivyoelezwa mwili ulisisimka, manake waya ule ulikuwa bado una umeme.

Najua mtauliza, una umeme vipi wakati taa za kijiji kizima zilikuwa zimezima? Hapo ndo pa kukaa leo, mengine nitapita haraka.

Zile waya tatu za juu kabisa mnazoziona zimekaa kwenye vikombe vikubwa, zile ni msongo mkubwa, kilovolti 33, yani volti elfu 33. Nyumbani kwako unatumia volti 230. Na zile waya ziko uchi, hazina plastiki kama ya pasi yako, kinachokukinga wewe ni urefu wa nguzo tu basi. Sasa zikiwa salama juu hakuna shida, shida inakuja ikishuka chini.

Kule kwenye stesheni ya umeme kuna swichi ya ulinzi, kazi yake ni kukata laini ikiona umeme mwingi unakimbilia ardhini. Waya ukidondoka kwenye tope au ukagusa chuma, umeme unaokimbia ni mwingi, swichi inaona, inakata. Lakini angalia ardhi ya hapa kwetu, Mkuranga sehemu kubwa ni mchanga, na kiangazi mchanga ni mkavu haupitishi umeme vizuri. Waya unalala juu ya mchanga mkavu, umeme unaopita ni kidogo, ampea chache tu, ile swichi kule inaona kama kuna mteja kawasha mashine ya kusaga. Haikati. Waya unakaa pale chini na umeme wake wote, mara nyingine hauungurumi wala hautoi cheche, na usiku huuoni hata. Na ampea chache usizidharau, balbu ile ya zamani ya wati 100 inakula kama ampea 0.4 hivi, na robo ya hiyo tu ikipita kifuani kwa mtu inatosha kuvuruga moyo ukaacha kupiga.

Alafu kuna jambo la pili, hata swichi ikikata, nyingine zimetengenezwa kujirudisha zenyewe baada ya sekunde kadhaa, kwasababu mara nyingi shida inakuwa ni tawi limegusa likaanguka au ndege, laini inapona yenyewe. Kwahiyo waya umetulia, wewe unasogea unasema huu ushakufa, wakati huohuo umeme unarudi. Na la tatu, waya ukikatika unakuwa na ncha mbili, watu wanasema hii ncha ya upande wa stesheni ndo mbaya ile nyingine haina kitu. Hapana. Ile nyingine inaweza kupata umeme kwa kupitia kwenye transfoma zilizoko mbele, manake zile waya mbili zilizobaki bado zinaleta, unazunguka ndani ya transfoma unatokea huku. Au jirani ana jenereta kaiunga vibaya kwenye nyumba bila swichi ya kubadilishia, umeme wake unarudi kwenye transfoma unapandishwa mpaka msongo mkubwa. Mtu anawasha jenereta aangalie mpira, fundi wetu anakufa juu ya nguzo kilomita mbili mbele.

Ndo maana nasema taa kuzima haikuambii chochote kuhusu waya ulioko chini. Hakuna mtu yeyote hapa, hata mimi, anaweza kuuangalia kwa macho akajua. Sisi wenyewe tunapima kwanza, tunakata, tunaunga na ardhi, ndo tunagusa.

Sasa ufanyeje. Ukiuona kaa mbali mita 10 kwa uchache, hesabu hatua 15 kubwa, mvua ikiwa imenyesha ongeza zaidi. Siyo kwamba usiguse tu, usikaribie, kwasababu ardhi yenyewe pale ina umeme. Waya unapogusa ardhi volti zinakuwa juu sana pale, zinapungua kadri unavyotoka nje. Tuseme mguu wako wa kushoto umekanyaga penye volti elfu 3 na wa kulia umekanyaga penye volti elfu 2, tofauti yake ile elfu 1 inapita kwenye mwili wako, inapanda mguu huu inashuka mguu ule, na waya hujaugusa. Wafugaji hili mnalijua hata kama hamkuambiwa sababu, ng'ombe anakufa mbali na waya wakati mchungaji yuko pale pale mzima. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na katikati pale ndo moyo ulipo.

Kwahiyo ukishtukia uko karibu tayari, au miguu inakuwasha kama kuna kitu kinatembea, usikimbie. Najua moyo unakwambia kimbia, ila kukimbia ni kutanua miguu. Bana miguu, ondoka kwa kuburuza nyayo, unyayo ugusane na unyayo, hatua fupifupi, mpaka ufike mbali. Watoto mwalimu nitaomba mfanye hili zoezi pale uwanjani, wakicheka wacheke, ila walijue.

Waya ukidondokea gari, kaa ndani. Usishike bodi, zuia watu wasije kufungua mlango, piga simu. Gari likishika moto tu ndo unatoka, na unatoka kwa kuruka miguu miwili pamoja, usiwe umeshika gari na kukanyaga chini kwa wakati mmoja, alafu unaburuza miguu kama nilivyosema. Bodaboda nyie hamna bodi ya kuwakinga, mkiona waya mbele geuzeni. Na madereva wa malori ya mchanga nawaomba sana, kabla hujapandisha tipa angalia juu, kila mara, hata kama jana ulimwaga hapohapo, na msishushe mchanga chini ya laini, lundo likipanda umbali na waya unapungua. Seng'enge nayo, waya ukilalia seng'enge ya shamba umeme unatembea nayo mpaka mwisho wa shamba, mtu anashikia huko hajui chochote.

Mama umenyoosha mkono. Ndio. Anauliza kama mwanangu ndo kadondoka pale niangalie tu?

Mama swali lako ni zito na sitaki kukujibu kirahisi. Kama ni waya wa nguzo, usimguse. Mti mkavu haufai, gambuti hazifai, kamba haifai, volti elfu 33 zinapita kwenye huo mti wako mkavu, wale vijana wa juzi Mungu aliwaficha. Unayeenda kumtoa unakuwa wa pili, na anayekuja kukutoa wewe anakuwa wa tatu, imetokea familia moja kuzika watu zaidi ya mmoja kwa namna hii. Kinachomwokoa ni simu, umeme ukatwe. Kama ni ndani ya nyumba, hapo ni tofauti, zima swichi kubwa kwanza, ukishindwa kuifikia simama kwenye kitu kikavu umsukume na kiti cha plastiki au mbao kavu, usimshike kwa mkono. Akishatoka na hapumui, mlaze chali, viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kifua kizame kama sentimita 5, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Na aliyepigwa akasimama akasema niko sawa, mpelekeni hospitali hivyohivyo, umeme unaunguza ndani na nje unaona kidoa kidogo tu, na moyo unaweza kuleta shida baadae. Msimpake dawa ya meno.

Transfoma sasa. Ile pale karibu na mashine ya kusaga, nimeona mama mmoja ana meza ya chipsi chini yake na kuna mbuzi kafungwa kwenye stei waya, ule unaoshikilia nguzo. Mama sikufukuzi kwa ubaya, sogea tu huko ng'ambo. Ndani ya lile tanki kuna mafuta mengi, yanapooza na yanakinga nyaya zisigusane, likizidiwa mzigo au radi ikipiga linaweza kupasuka na kumwaga mafuta ya moto, na zile fyuzi za juu zikiungua zinalipuka na vipande vyake vinadondoka chini. Likiwaka moto msimwagie maji, kimbieni mbali, pigeni zimamoto 114.

Na mafuta yake yanaibiwa. Nasema wazi, kuna watu wanayanunua kukaangia kwasababu hayaishi haraka. Yale siyo chakula, yametengenezwa kwa mitambo, na transfoma za zamani sana zinaweza kuwa na kemikali za sumu ndani yake. Mafuta yakitolewa transfoma inachemka inakufa, na kijiji kinakaa gizani.

Waya wa kopa unaoshuka kwenye nguzo mpaka ardhini nao unakatwa unauzwa chuma chakavu. Ule ndo unafanya tanki na nyutro, yani waya wa kurudishia umeme, vikae salama. Ukikatwa, tanki linaweza kuwa na umeme, ukiegemea umekwisha, na majumbani volti zinayumba, nyumba hii taa hafifu nyumba ile tivii na friji vinaungua, mtu anagusa friji anapigwa. Mkiona nguzo ya transfoma haina ule waya, tupigieni siku hiyohiyo.

Vishoka msiwaruhusu kupanda. Fyuzi ikianguka asije kijana na mti akairudisha kwa elfu tano. Na ngoeko za chuma za kuangulia maembe zisitumike karibu na laini, watoto tiara zikinasa waache zibaki hukohuko.

Namba yetu ni 180, bure, saa yoyote. Taja kijiji, na kama unaiona kwa mbali soma namba iliyoandikwa kwenye nguzo, usisogee kuisoma. Wakati mnasubiri watu wawili wasimame mbali kila upande wa njia wazuie wapitaji, hasa alfajiri wanapotoka kwenda msikitini na shamba.

La mwisho, minazi. Jumatano saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni tutakata umeme tupunguze matawi kuanzia hapa ofisi ya kijiji mpaka shuleni. Mwenye mti wake karibu na laini aniandikishie kwa mwenyekiti leo, na naomba asikate mwenyewe kabla ya hapo, hata tawi moja. Mzee wa kofia nyeupe nimekuona, mikorosho yako haimo, ile iko mbali na laini.