Mharage Unatafuta Kamba: muswada wa upigaji wa taimlapsi

Filamu hii ya dakika 6 imekusudiwa wanafunzi wa biolojia wa sekondari, na sehemu zake zote za taimlapsi zitapigwa katika stoo ya maabara ya shule mjini Moshi, ambako dirisha litazibwa kwa kitambaa cheusi ili mwanga utoke kwenye taa zetu peke yake. Mmea ni mharage wa aina inayotambaa. Filamu itachezwa kwa fremu 25 kwa sekunde, na hesabu zote zilizomo humu zimefuata kiwango hicho.

Muda kati ya picha moja na nyingine umepangwa kwa kufuata kasi ya tendo linaloonyeshwa, wala si kwa kugawanya siku tulizo nazo kwa idadi ya fremu tunazozitaka. Mzizi, shina na jani la mmea uleule haviendi kwa mwendo mmoja, na hatua moja ikitumika kwa vyote vitatu, angalau kimoja kitaharibika. Pale tulipokuwa na shaka tumechagua muda mfupi zaidi, kwa sababu fremu za ziada huweza kuondolewa katika uhariri, ilhali fremu ambayo haikupigwa haipatikani tena.

Onyesho la 1. Mzizi chini ya udongo

Mbegu itapandwa ndani ya kisanduku chembamba chenye ubavu mmoja wa kioo, nacho kitainamishwa kiasi cha nyuzi 30, kioo kikielekea chini, ili mzizi unaposhuka uegemee kioo badala ya kupotelea ndani ya udongo. Kamera nayo itainuliwa macho ili lenzi ikitazame kioo moja kwa moja bila mshazari. Mbele ya kamera litatundikwa pazia jeusi lenye tundu la lenzi tu, vinginevyo kamera itajiona yenyewe kwenye kioo katika kila fremu. Taa itakaa ubavuni kwa nyuzi 45, na itawaka kwa sekunde 2 tu kila picha inapopigwa, kwa kuwa mizizi huukwepa mwanga na kioo kinapaswa kubaki gizani muda uliobaki.

Picha itapigwa kila baada ya dakika 10 kwa siku 6. Hizo ni fremu 864, yaani sekunde 34 na nusu. Muswada unahitaji sekunde 17, hivyo mhariri atatumia fremu moja na kuruka moja, na akiona kwamba ncha ya mzizi inastahili kutazamwa taratibu zaidi anazo zote mkononi.

Sauti: "Kabla jani lolote halijaonekana, mbegu imekwisha kuteremsha mzizi, na mzizi umekwisha kutoa matawi."

Onyesho la 2. Kutoka ardhini

Mharage hautoki kwa ncha. Shina changa hujikunja mithili ya kulabu, huitanguliza bega lake kwenye udongo, kisha huzivuta nyuma yake zile ghala mbili za chakula na kunyooka linapokutana na mwanga. Tendo hilo halionekani vizuri kwa kamera iliyo juu. Kwa hiyo lenzi ya karibu itawekwa usawa wa uso wa udongo, chungu kikiwa kimejazwa hadi ukingoni ili ukingo usiizibe picha, na fokasi itawekwa mahali mbegu ilipozikwa, pakiwa pamewekewa alama ya kijiti kitakachoondolewa kabla ya kuanza.

Kamera itaanza siku ya nne baada ya kupanda na itapiga kila dakika 5. Mara udongo utakapoonyesha ufa, tunahesabu saa 48 kutoka hapo, sawa na fremu 576 au sekunde 23, zitatumika 15. Vyungu viwili vya akiba vitapandwa kwa kupishana siku mbili, maana mbegu haisomi ratiba.

Onyesho la 3. Kutafuta kamba

Hili ndilo onyesho lililobeba filamu, na ndilo linaloadhibu haraka uchaguzi mbaya wa muda. Ncha ya mharage unaotambaa huzunguka hewani ikitafuta kitu cha kushika, na Charles Darwin, aliyeipima katika karne ya 19, alipata mzunguko mmoja kwa muda usiofika saa 2. Tukipiga kila dakika 30, mzunguko mzima utapata fremu 4 tu na ncha itarukaruka kama nzi. Tukipiga kila saa 2, mmea utaonekana umesimama, au hata unarudi nyuma polepole, nao ni uongo ambao mtazamaji hana namna ya kuugundua. Kwa dakika 10 tunapata fremu 12, yaani karibu nusu sekunde kwa mzunguko, na jicho bado halijashiba. Tumeamua dakika 2: fremu 60, sekunde 2.4 kwa kila mzunguko. Saa 12 za mwanga zitatoa fremu 360, ambazo ni sekunde 14.4 na mizunguko kama 6.

Kamera ya kwanza itatazama kutoka juu, ikiwa imefungwa kwenye bomba lililolazwa kati ya rafu mbili, kwa sababu kutoka juu ndipo inapoonekana kwamba mmea huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kamera ya pili itakuwa ubavuni, na kamba itaning'inia katika theluthi ya kulia ya picha. Nafasi ipimwe kwa urefu mmea utakaofikia, wala si kwa urefu ulio nao siku hiyo: fremu inayoonekana tupu juu mwanzoni ndiyo fremu sahihi.

Ncha itakapoigusa kamba hakuna atakayeisogeza kamba hiyo, hata kama mmea umeikosa mara ya kwanza. Kuikosa kwake kuna thamani zaidi kwa mwanafunzi kuliko kushika kulikopangwa.

Sauti: hakuna hadi ncha ishike. Kisha: "Imepata."

Onyesho la 4. Majani usiku

Kamera ya ubavuni itabaki palepale na kupiga kila dakika 4 kwa saa 24, jumla fremu 360. Usiku majani huinama kutokana na mabadiliko ya msukumo wa maji katika vifundo vilivyo mwanzoni mwa jani. Taa kuu itazimwa saa 12 jioni, na picha za usiku zitapata taa hafifu ya kijani inayowaka kwa sekunde 1 tu.

Maua na maganda hayatapigwa taimlapsi. Bustanini upepo utayatikisa majani kati ya fremu na fremu, na kinachopatikana ni mtetemo. Tutatumia picha tano za kawaida zinazoyeyukiana.

Mipangilio isiyobadilishwa

Kamera zote zitawekwa kwenye M, f/8, ISO 200, shata 1/25, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kasi hiyo huzuia michirizi ya taa. Pale taa inapowaka kwa sekunde chache, shata itafunguka baada ya taa kutulia. Kwa taa ya kijani, ISO pekee itapandishwa, nayo itabaki hapo hadi asubuhi. Fokasi na rangi nyeupe zitafungwa kwa mkono. Lenzi zenye pete ya kurekebisha tundu zipewe kipaumbele, maana tundu linalojifunga upya kila picha halirudi mahali palepale kabisa, na tofauti hiyo ndogo huonekana kwenye skrini kama kumemeta.

Miguu ya stendi itazungushiwa utepe sakafuni na kulemewa na mifuko ya mchanga. Kamera na taa zitaunganishwa na betri yenye inveta ili kukatika kwa umeme kusilete pengo. Kadi zitabadilishwa kati ya onyesho na onyesho, kamwe si katikati, na anayeingia stoo kumwagilia aingie mara tu baada ya shata kulia, amalize kabla ya mlio unaofuata.