Karibuni Mlimani, fesi yia

Mambo vipi wadogo zangu! Mi niko mwaka wa tatu hapa UDSM, sitaongea sana maana najua njaa inauma. Kozi weki ni 40, UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, ni 60, sasa kuna mtu anakula bata semista nzima eti atakesha na madesa wiki ya mwisho, huyo sapu ya kurudia mtihani inamsubiri na disko, yaani kufukuzwa chuo, haiko mbali. Desa la mwenzio halieleweki kama lekcha hukuingia, so andika notsi zako mwenyewe, ukirudi hosteli pitia jioni ileile hata nusu saa. Diskasheni watu wanne watano, zaidi ya hapo ni kijiwe tu jamani. Pasti pepa fanyeni kwa saa, majibu mtaangalia baadaye. Bumu la mkopo likiingia maktaba inabaki tupu, mtaona wenyewe. Haya, nani ana swali?