Lori Lashuka Mtoni

*Shairi la mtu mmoja, kuhusu mchanga unaochotwa usiku kwenye mto Kaiti, Makueni. Mghani ni msichana wa kidato cha tatu, sare ya shule, miguu mitupu. Kifaa ni mtungi mmoja wa lita 20, mtupu, wenye kamba. Alama / ni pumzi moja. Alama // ni kimya: hesabu moyoni hadi tatu, usikimbie.*

(Anaingia ameinama, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Anafika katikati ndipo anainua macho.)

Naja na mtungi wangu, / u mtupu tangu jana,
Shingoni nina uchungu, / kamba kichwani nabana,
Nauliza walimwengu, / Kaiti mbona hatuna?
Lori lashuka mtoni, / lapanda na // mto wetu.

(Kwenye kimya hicho mkono wa kulia unapanda mlima polepole, kama gia ya kwanza. Unafika juu ndipo anasema "mto wetu".)

(Anatua mtungi. Anapiga goti kwenye mchanga wa mto, kama Susu, bibi yake.)

Susu alipiga goti, / kiangazi kikiwaka,
Kina cha kiwiko, / eti, // maji yakabubujika,
Jua kali halipati / pale chini kuyafika,
Lori lashuka mtoni, / lapanda na // mto wetu.

(Kwenye "eti" anachimba kwa viganja, mara tatu, kisha anatulia. Tabasamu lije kabla ya neno "maji", lisije pamoja nalo.)

(Anasimama ghafla. Vina vinakatika hapa. Sauti ishuke.)

Saa nane usiku. //
Unasikia?
(Sikio la kulia kwa hadhira.)
Gia. / Gia tena. / Breki ya upepo: tssss!
Taa zimezimwa.
Beleshi la kwanza: hya! /
La pili: hya! /
La tatu
(beleshi linabaki hewani) //
namjua anayelishika.

Ni kaka yangu.

Nimwite mwizi? /
Karo yangu ya muhula wa pili
ilitoka kwenye beleshi lile.
(Anashika kola ya sare yake.)
Hii sare / ni mchanga.
Daftari langu la Kemia / ni mchanga.
Na mwalimu akiniuliza maji ni nini,
najibu haidrojeni na oksijeni, napewa alama zote, //
narudi nyumbani na kiu.

(Usilie hapa. Waamuzi wameona machozi ya kutosha tangu asubuhi.)

Sheria ipo!
Makueni iliiandika mwaka 2015,
ilinde mchanga, impe kibali anayestahili.
(Anapiga muhuri kiganjani: pa!)
Ina muhuri. / Ina vifungu.
Lakini saa nane usiku, gizani, taa zimezimwa, //
nani anasoma vifungu?

Lori linapita Wote, linapita Machakos,
linaingia Nairobi kabla askari hajamaliza chai.
Kunakucha ghorofa imeongezeka orofa.
(Macho yanapanda ukuta wa ukumbi, polepole, mpaka darini.)
Ghorofa ina tangi juu. /
Tangi halina maji. /
Mwenye nyumba anapiga simu: leteni bauza!

Na ninyi mnaonitazama kwa huruma,
(anakanyaga sakafu mara moja: du!) //
ukumbi huu ulijengwa kwa unga wa mahindi?
(Du!) //
Hii nguzo? / Lile darasa jipya? / Choo cha walimu?
(Du! Du! Du!)
Tumesimama juu ya mto wa mtu.

(Anauokota mtungi, anauinua kwa mikono miwili.)

Lori lashuka mtoni, / lapanda na //

(Maneno mawili ya mwisho ni ya hadhira. Wakikawia, ngoja. Wasipojibu kabisa, pindua mtungi chini juu, utikise, waone lisilodondoka tone.)

Susu hakungoja bungeni waelewane.
Aliita mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja. /
Akina mama, / vijana, / hata mzee wa kijiji na fimbo yake.
Walichagua mahali penye mwamba chini,
wakazuia mto kwa ukuta,
(mikono inatandazwa kulia na kushoto, vidole wima)
mawe na saruji, kutoka ukingo hadi ukingo.
Mvua ikija, mafuriko yataubwaga mchanga hapa,
(kifua mbele)
mchanga utajaa nyuma ya ukuta, msimu kwa msimu,
na maji yatajificha ndani yake, jua lisiyaone.

Ukuta bado mfupi. //
Kaka yangu amekuja. /
Amekuja na beleshi lake, / safari hii anakoroga saruji.
Tumepungukiwa na mikono.

(Anashuka jukwaani, anainama, anainua jiwe lisiloonekana. Uzito uonekane magotini. Anamwendea wa kwanza safu ya mbele.)

Shikamoo, baba. / Pokea.
Ni zito, shika kwa chini. / Mpitishie mama.
Mama, mpe huyo mwenye tai.
Wewe wa nyuma, weka simu mfukoni, inyoshe mikono!
Pokea! / Pitisha!
Pokea! / Pitisha!
Jiwe lingine!