Kizibo Kilichopinda

Lori la Tukuyu lilitakiwa liingie alfajiri. Saa nane mchana lilikuwa bado, dereva anasema kwenye simu yuko foleni ya mizani, na soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo lilikuwa limepoa. Wabebaji wamelala juu ya majani makavu ya migomba. Madalali hawana mkungu wa kunadi. Siku kama hiyo meza yangu huwa haina kazi nyingine, ni ya drafti.

Ubao ni kipande cha plaiwudi, miraba 64, rangi nimepaka mwenyewe. Kete ni vizibo vya soda, kumi na mbili kila upande: wa kwanza vinalala kifudifudi rangi juu, wa pili vinalala chali, plastiki ya ndani inaonekana. Kete ikiingia kingi, unaibebesha kizibo cha pili. Sheria za pale kwangu hazijadiliwi. Kete haili kurudi nyuma. Kingi inateleza mlalo mzima. Ukiwekewa, lazima ule, upende usipende. Na anayefungwa anainuka.

Mzee Ambakisye alikuwa hajainuka tangu asubuhi. Uchezaji wake ni wa kubana. Hakukimbilii, anasogea polepole, anaacha walinzi wake mstari wa nyuma, anakuziba njia moja baada ya nyingine mpaka wewe mwenyewe unasogeza kete kwenye kifo kwa kukosa pengine pa kuisogeza. Nimeona wanaume wazima wakiinuka mbele yake wamelowa jasho. Mimi mmoja wao.

Nuru alikuja kukusanya vikombe. Ndiye anayetuuzia chai na chapati, na kwa muda mrefu amekuwa akisimama nyuma ya wachezaji, beseni kiunoni, anatazama bila kusema neno. Siku hiyo Side, aliyekuwa na zamu, alikuwa ametumwa kupeleka mzigo Manzese, na kreti la kukalia lilikuwa wazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Vikombe vyako viko chini ya meza."

"Nimeviona. Nataka kucheza."

Waliokuwepo wakacheka. Mzee hakucheka. Alimsogezea vizibo vya chali, na kati yake kimoja kilikuwa kimepinda katikati, cha soda iliyofunguliwa kwa meno. Ukikiweka ubaoni kinayumbayumba kidogo ndipo kinatulia.

Mwanzoni walikulana moja kwa moja, kete kwa kete. Kisha Mzee akaanza kubana, na tukaona mchezo unaelekea kule tulikozoea. Nuru alibaki na kete tano, Mzee sita. Kile kizibo kilichopinda kilikuwa kimepenya mpaka ukingo wa kulia, hatua mbili tu kabla ya kingi, lakini pale kiliganda. Mraba uliobaki wa kukanyaga ulikuwa mdomoni mwa mlinzi wa Mzee, kete ya mstari wa nyuma kabisa ambayo haikuguswa tangu mchezo uanze. Akisogea analiwa. Asiposogea, anasubiri kuzibiwa.

Mzee akachukua kete yake ya katikati akaipeleka kulia, karibu na ukingo. Ilikuwa hatua nzuri kwa macho. Mlango mwingine umefungwa.

"Dada, ilinde hiyo ya juu," mtu akasema. "Ukiipoteza hiyo umekwisha."

"Msimfundishe!" nikawakemea. Kwangu hakuna kufundishana mchezo ukiwa ubaoni.

Nuru alikaa kimya. Macho yake hayakuwa kwenye ile kete ya juu. Yalikuwa chini, kwenye kete zake mwenyewe, halafu yanapanda mraba kwa mraba. Niliona kidole chake kikigonga paja: moja, mbili, tatu. Kisha akainua mkono, akakisukuma kile kizibo kilichopinda moja kwa moja mdomoni mwa mlinzi.

"Aaah! Unalisha bure!"

Kizibo kilikuwa bado kinayumba Mzee alipokiruka. Alikitupa pembeni, na mlinzi akatua ukingoni, pale pale kizibo kilipokuwa kimekaa. Nne kwa sita. Mtu mmoja akageuka kwenda zake.

Nuru akasogeza ya pili. Aliitoa kete yake ya mbele akaiweka kati ya kete mbili za Mzee, ile ya katikati na ile ya kulia aliyokuwa ameisogeza dakika chache nyuma.

Kelele zikakatika. Hata anayejua kucheza kidogo alianza kuhesabu. Ile ya katikati haikuweza kula, kwa sababu mraba wa kutulia ulikuwa na kete ya Nuru. Ilibaki ya kulia, na hiyo ilikuwa lazima ile.

Mkono wa Mzee ulikuwa umeshafika hewani. Ukasimama. Nilimwona akishusha macho hadi kona ya chini kushoto, ambako Nuru alikuwa na kete mbili zimefuatana, moja nyuma ya mwenzake, kiasi kwamba mlaji asingeweza kuendelea mbele. Kisha akayapandisha hadi mstari wake wa nyuma, kwenye mraba ambao mlinzi wake alikuwa ameuacha wazi. Aliona yote kabla hajagusa kizibo, na ubao haukumpa pa kukimbilia.

"Kula, Mzee," Nuru akasema taratibu. "Ni lazima."

Akala. Tatu kwa sita.

Nuru akaishika kete ya chini na kuruka. Ta. Ta. Ta. Tatu kwa mkupuo, kulia, kushoto, kulia, na ikatua kwenye ule mraba wa mlinzi. Soko zima nadhani lilisikia. Wabebaji waliamka. Yule aliyekuwa ameondoka akarudi mbio akiuliza nini kimetokea, na watu watatu wakamweleza kwa pamoja.

"Kingi," Nuru akasema.

Mzee mwenyewe alikiokota kile kizibo kilichopinda alichokuwa amekitupa, akambebesha.

Zilizobaki zilikuwa tatu kwa tatu, lakini za Mzee zote ziko ukingoni na kingi inatawala milalo. Moja ilikanyaga njia ya kingi ikaliwa. Baada ya hapo akavisukuma vizibo vyake katikati ya ubao.

"Uliliona lini?"

"Uliposogeza ile ya kulia, Mzee. Ilipokuwa kati, nisingekuwa na wa kunila."

"Na mlinzi wangu?"

"Yule nilijua tangu mapema. Kete yangu ilikuwa imekwama kwa ajili yake. Nikaona kama haiwezi kupita, basi imtoe nyumbani."

Mzee akatikisa kichwa, akainuka kwenye kreti. Sijawahi kumwona akiinuka kwa heshima kiasi kile. Wengi wakifungwa huanza kusingizia jua.

Side aliporudi kutoka Manzese alikuta Nuru ndiye mwenye meza, na Mzee amesimama nyuma yake na beseni la vikombe mkononi. Wakapanga kete. Walikuwa bado hawajafika katikati ya mchezo lori lilipopiga honi getini, na mimi nikataka meza yangu nipange mikungu.

"Usiguse!" Mzee akaniambia. Akampa Side beseni, akauinua ubao kwa mikono miwili, umelala sawasawa, akaubeba hadi kwa muuza viazi jirani yangu, wachezaji wakimfuata, hakuna kizibo kilichohama mraba.

"Zamu ya nani?" akauliza akiutua juu ya magunia.

"Yangu," Nuru akasema, akachuchumaa.