Maswali ya Usaili na Majibu ya Mfano: Mchambuzi Msaidizi wa Mfumo wa ERP

Waraka huu ni wa wajumbe watatu wa jopo la usaili: mkuu wa kitengo cha mifumo, mhasibu mkuu na afisa rasilimali watu. Nafasi inayojazwa ni ya mchambuzi msaidizi katika makao makuu ya kampuni, Dar es Salaam, atakayewahudumia watumiaji wa SAP Business One kwenye maghala ya vifaa vya ujenzi ya Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Majibu yaliyoandikwa hapa hayakusudiwi kukaririwa. Ni kipimo cha kiwango tunachokitarajia kwa mtu mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au miwili, na msailiwa anayefika pale pale kwa njia nyingine apewe alama zake zote.

Swali la 1. Tueleze, kwa maneno yako mwenyewe, safari ya ununuzi mmoja ndani ya mfumo, kuanzia kuagiza hadi kumlipa msambazaji.

Jibu la mfano: "Idara ya ununuzi huandaa oda, ambayo kwenye mfumo ni Purchase Order. Oda haigusi leja, kwa kuwa ni ahadi tu. Mzigo unapofika, mtunza ghala huandika mapokezi kwenye Goods Receipt PO, na hapo idadi ya bidhaa ghalani huongezeka, thamani ya mali huingia kwenye leja, na upande wa pili huenda kwenye akaunti ya muda ya bidhaa zilizopokelewa ambazo bado hazijaletewa ankara. Ankara ya msambazaji inapoingizwa kama A/P Invoice, akaunti hiyo ya muda hufutika na deni huhamia kwa msambazaji mwenyewe. Malipo, yaani Outgoing Payments, hulifunga deni hilo. Kabla ya kulipa, mhasibu hulinganisha oda, mapokezi na ankara, na vitatu hivyo visipokubaliana, malipo husubiri."

Sehemu ya akaunti ya muda ndiyo inayomtofautisha anayebonyeza vitufe na anayeelewa kinachotokea nyuma ya skrini. Msailiwa akiisahau, mhasibu mkuu amuulize kwa upole: mzigo ukifika tarehe 29 na ankara ikaja mwezi unaofuata, mizania ya mwezi wa kwanza itaonyesha nini?

Swali la 2. Mtunza ghala wa Mbeya anapiga simu. Anaona kwa macho yake mifuko 600 ya saruji, lakini mfumo unamkatalia kutoa mifuko 40 na kuandika "Quantity falls into negative inventory". Mteja amekwisha kulipa na lori linasubiri. Utafanya nini?

Jibu la mfano: "Nitamwomba kwanza anisomee namba ya bidhaa na ghala lililoandikwa kwenye hati yake, kwa sababu mara nyingi mzigo huwa umepokelewa kwenye mfumo kwa jina la ghala jingine, au haujapokelewa kabisa. Kisha nitafungua Inventory Audit Report ya bidhaa hiyo na kuangalia kila kilichoingia na kilichotoka. Nikikuta mapokezi ya mifuko 30 tu, nitafungua oda iliyozaa mapokezi hayo. Saruji hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa mifuko ya kilo 50, kwa hiyo tani 30 ni mifuko 600. Ikiwa aliyeandika oda aliweka 30 kwenye kipimo cha mfuko na bei ya 300,000, ambayo ni bei ya tani, basi chanzo cha tatizo kiko kwenye oda na mtunza ghala hana kosa.

"Sitamshauri aongeze mifuko 570 kwa Goods Receipt ya kawaida ili lori liondoke. Thamani yote ya shilingi 9,000,000 tayari imebebwa na ile mifuko 30, kila mmoja kwa gharama ya shilingi 300,000 badala ya 15,000. Ikiuzwa hata mifuko 5 kabla ya marekebisho, gharama ya mauzo itaandikwa 1,500,000 badala ya 75,000, na ripoti ya faida itaharibika. Nikiongeza mifuko 570 yenye thamani yake, mali itakuwa imehesabiwa mara mbili.

"Nitamwarifu mhasibu na afisa ununuzi mara moja. Ikiwa hakuna mfuko uliotoka na ankara ya msambazaji haijaingizwa, mapokezi yatarudishwa kwa Goods Return inayotokana na hati ile ile, oda yenye kosa itafungwa, na oda mpya yenye kipimo sahihi itapokelewa upya. Wote wakiwa ofisini, kazi hiyo haichukui muda mrefu. Ikiwa ankara imekwisha kuingia, mhasibu ndiye atakayeamua utaratibu wa kuirekebisha. Wakati huo nitampigia mtunza ghala kumweleza tumefikia wapi, kwa sababu yeye ndiye anayesimama mbele ya mteja."

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jopo lilipe muda wa kutosha. Msailiwa asiyelifikia tatizo la vipimo peke yake asinyimwe alama iwapo amekagua mienendo ya bidhaa kwa mpangilio. Anayekimbilia kuongeza idadi ili simu ikatike ataigharimu kampuni, hata kama ana vyeti vingi.

Swali la 3. Idara ya mikopo inataka orodha ya ankara za wateja zilizopita tarehe ya malipo. Tuandikie swala lake la SQL, kisha utuambie orodha hiyo inaweza kudanganya wapi.

Jibu la mfano:

```sql
SELECT T0.DocNum, T0.CardName, T0.DocDueDate,
       T0.DocTotal - T0.PaidToDate AS Salio
FROM OINV T0
WHERE T0.DocStatus = 'O'
  AND T0.CANCELED = 'N'
  AND T0.DocDueDate < CAST(GETDATE() AS date)
ORDER BY T0.DocDueDate
```

"OINV ni jedwali la vichwa vya ankara za wateja, na herufi O kwenye DocStatus inamaanisha ankara bado iko wazi. Udhaifu wa orodha hii ni kwamba mteja anaweza kuwa amelipa, lakini mtunza fedha akaziingiza fedha kama Payment on Account bila kuzifunga na ankara yoyote. Salio la mteja kwa jumla litakuwa sahihi, ilhali ankara itaendelea kuonekana haijalipwa. Hali ni hiyo hiyo kwa hati za kupunguza deni ambazo hazijalinganishwa na ankara zake. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kumpigia mteja kudai, ningelinganisha orodha hii na Customer Receivables Aging, na pale tofauti inapoonekana ningemwomba mhasibu afanye Internal Reconciliation."

Makosa madogo ya tahajia ya amri yasihesabiwe. Sehemu ya pili ya jibu ichukue nusu ya alama, kwa kuwa mteja mwaminifu anayedaiwa fedha alizokwisha kulipa huudhika, na ana haki ya kuudhika.

Swali la 4. Ikiwa unajua SQL na una nywila ya hifadhidata, kwa nini usirekebishe ankara yenye kosa kwa amri ya UPDATE?

Jibu la mfano: "Ankara moja haikai kwenye jedwali moja. Kichwa kiko OINV, mistari iko INV1, maingizo ya leja yako OJDT na JDT1, na idadi ya bidhaa kwa kila ghala iko OITW. Nikibadilisha kimoja, vingine vitapingana nacho na hakutakuwa na alama ya nani alibadilisha wala kwa sababu gani. SAP wenyewe hawaruhusu mtumiaji kubadilisha data za majedwali yao moja kwa moja, na kampuni inayofanya hivyo inaweza kukosa msaada wao. Ankara yenye kosa hurekebishwa kwa A/R Credit Memo, kisha hutolewa ankara sahihi. Mimi nitatumia SELECT kuchunguza tu."

Swali la 5. Mtandao ulikatika wakati ankara ya shilingi 11,800,000, ikiwamo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ilipokuwa ikitumwa kutoka kwenye mfumo kwenda kwenye kifaa cha risiti za kielektroniki. Muuzaji anataka kuituma tena. Utamjibuje?

Jibu la mfano: "Nitamwomba asubiri. Kutopata jibu hakuthibitishi kwamba risiti haikutolewa. Huenda ilitoka na jibu ndilo lililopotea njiani. Nitaangalia kumbukumbu za kiunganishi kama namba ya uhakiki ilirudi, na namba ikiwapo nitaihakiki kwenye ukurasa wa TRA, kisha nitaiambatisha kwenye ankara iliyopo. Tukituma tena bila kuangalia, tunaweza kuwa na risiti mbili za mauzo mamoja, na kodi ya shilingi 1,800,000 ikaonekana tunadaiwa mara mbili. Nikithibitisha kwamba hakuna risiti iliyotoka, ndipo itatumwa upya, na tiketi itaeleza saa, sababu na aliyeidhinisha."

Swali la 6. Meneja mauzo anakuomba uufungue mwezi uliofungwa ili aingize ankara moja ya tarehe 30. Mfumo unamwandikia "Date deviates from permissible range". Yeye ni mkubwa wako kicheo na ana haraka.

Jibu la mfano: "Nitamweleza kwa heshima kwamba ujumbe huo umetokana na uamuzi wa idara ya fedha, kwa hiyo si hitilafu ya mfumo. Nitamfungulia tiketi yenye maelezo ya ankara na kuipeleka kwa mhasibu mkuu siku hiyo hiyo. Akiidhinisha kwa maandishi, kipindi kitafunguliwa kwa muda uliokubaliwa na kufungwa tena. Asipoidhinisha, ankara itaandikwa kwa tarehe ya mwezi ulio wazi. Sitakifungua kwa kuombwa kwa simu, hata na mkurugenzi, kwa sababu takwimu za mwezi huo huenda zimekwisha kutumika kwenye ritani ya kodi."

Jopo lisikilize sauti ya msailiwa hapa kama linavyosikiliza hoja zake. Tunamtaka mtu anayeweza kukataa bila kumvunjia mtu heshima.

Swali la 7. Afisa mmoja anaomba haki za kusajili wasambazaji wapya na pia za kuandaa malipo, kwa maelezo kwamba mwenzake yuko likizo.

Jibu la mfano: "Haki hizo mbili zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, anaweza kusajili msambazaji hewa na kumlipa. Ningependekeza mtu mwingine apewe moja ya kazi hizo kwa kipindi cha likizo, kwa idhini ya mhasibu mkuu na kwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Wala nisingekubali atumie nywila ya aliye likizo."

Swali la 8. Una swali lolote kwetu?

Jibu la mfano: "Ninayo mawili. Je, kuna mazingira ya majaribio yenye nakala ya data za karibuni, ambamo ningeweza kujaribu marekebisho kabla ya kuyapeleka kwa watumiaji? Na nakala rudufu ya hifadhidata ilirejeshwa lini mara ya mwisho kwa majaribio, mkathibitisha kwamba inafunguka?"

Mkuu wa kitengo ajibu maswali hayo kwa ukweli, na awe na tarehe ya urejeshaji wa mwisho mkononi kabla ya kuingia chumba cha usaili.