Punje Arobaini

Juni ile tulipelekwa kwa Bibi wote watatu: mimi, Rama na Sefu, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane na alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Basi lilipofika Mombo tulikuwa tunatoka jasho. Tulipomaliza kona za Soni, Rama alishavaa sweta langu juu ya lake.

Kwa watoto wa Dar, baridi ya Lushoto ni kama adhabu. Siku ya pili Rama akaanza kupiga chafya. Siku ya tatu mimi. Bibi alitutazama makamasi yanavyotiririka, akacheka.

"Karibuni nyumbani," akasema, akaenda kutoa tangawizi.

Tangawizi yake haikuwa ya unga. Alikuwa na mizizi iliyojikunja, bado ina udongo, ameifukia kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya mlango. Aliosha kipande cha urefu wa kidole gumba, hakukimenya, akakitwanga kwenye kinu kidogo mpaka nyuzi zikatokeza. Akatia kwenye sufuria ya maji na majani matatu ya mchaichai yaliyofungwa fundo, akaacha ichemke mpaka jiko zima likanuka. Sukari hakuweka. Asali aliiweka mwisho, chai ikishapoa kidogo, na kila mtu alipewa kwenye kikombe chake cha bati. Ukinywa unahisi inashuka mpaka tumboni, kisha pua inafunguka na unaanza kutafuta leso.

Asali hiyo ilikuwa na kesi yake. Mwaka uliotangulia, Sefu akiwa na miezi sita, shangazi alichovya kidole kwenye chupa ili amlambishe. Bibi alimshika mkono hewani. "Asiyetimiza mwaka halambi asali kwangu. Ana ziwa, linamtosha." Shangazi alinuna mpaka jioni.

Mimi na Rama tulipona bila hata kujua tumepona lini. Zamu ya Sefu ilipofika, Bibi alimpa ya kwake nyepesi, vuguvugu, vijiko vichache kwa wakati, akamhamisha kutoka jikoni. Kuni zile zilikuwa mbichi na moshi ulikuwa unakata macho. "Mume wangu ana kifua, halali na moshi," akasema. Sefu alikuwa ndiye mume wake. Rama alishaachika kwa sababu ya kukojoa kitandani.

Usiku ule ndipo nilipoliona kopo.

Lilikuwa kopo la zamani la kahawa, ndani yake punje za mahindi. Bibi alizimwaga kwenye ungo, akanikabidhi simu yake ya tochi. "Zuhura, mke mwenza, hebu nitafutie ile saa ya sekunde. Nikisema anza, bonyeza. Ikifika dakika moja, useme."

Sefu alikuwa amelala mapajani, ametulia. Mtoto anayelia au anayenyonya chupa hahesabiwi, alinieleza baadaye, maana pumzi yake inasema uongo. Akamfunua fulana mpaka kifuani, akakaza macho kwenye tumbo.

"Anza."

Tumbo lilipopanda, punje moja ikavuka ungo. Likapanda tena, nyingine ikavuka. Niliposema "tayari," zilikuwa zimebaki punje tisa upande wa kushoto. Bibi akazirudisha zote kwenye kopo, akamfunika Sefu.

"Ni mafua. Anywe, alale."

Kesho yake Sefu alikataa uji. Jioni alikuwa wa moto, na kile kikohozi kilichokuwa kinapiga kelele sasa kilikuwa kifupi, cha chinichini. Mama Hoza wa jirani alikuja na karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki mwanawe alipoumwa.

"Fungua kimoja, nusu ya unga wake mchanganyie kwenye chai yako hiyo," akasema.

Bibi alimshukuru kwa heshima zote, akamrudishia karatasi yake ikiwa imekunjwa vilevile.

Saa nne usiku akaniamsha. Ungo ulikuwa tayari. Sefu alikuwa amelala, lakini pua zilikuwa zinatanuka kila anapovuta pumzi.

"Anza."

Punje zilivuka mbiombio, kama kuku anazidonoa. Nilikuwa natazama namba kwenye simu nikasikia ungo umenyamaza. Upande wa kushoto hakuna kitu. Simu ilisema sekunde 44.

Bibi akaweka mkono chini ya mbavu za Sefu, akasogeza tochi karibu. Akatazama sana.

"Hazijaanza kubonyea," akasema. "Ndiyo maana tunaondoka sasa hivi."

"Bibi, na chai?"

"Chai iache."

Alikwisha kuvaa viatu. Alichukua kadi ya kliniki kutoka chini ya godoro, akamfunga Sefu kifuani kwa kitenge, si mgongoni, ili amsikie. Mtoto wa Mama Hoza akawasha pikipiki. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimeshika simu na kopo. Sijui kwa nini nililibeba kopo.

Njiani, upepo ukipiga, Bibi alizungumza bila kunigeukia. Kabla ya baba yenu, alisema, nilikuwa na Mwanaidi. Nilimchemshia siku tatu. Ilikuwa tangawizi nzuri. Hakusema zaidi, na kaburi dogo lile chini ya migomba nililijua, ila sikuwahi kuuliza ni la nani.

Zahanati ilikuwa na taa moja. Tabibu wa zamu, kijana aliyejifunga shuka juu ya koti, alimpokea Sefu, akahesabu mwenyewe kwa saa ya mkononi. Hamsini na nne. Akamtoboa kidole kupima malaria, maana tumetoka Dar, haikuwepo. Akambana kidole kingine kwa kile kifaa chenye taa nyekundu, akasubiri, akatikisa kichwa kuwa hewa inamtosha.

"Amekula dawa gani nyumbani?"

"Chai ya tangawizi," Bibi akajibu.

Tabibu akashusha pumzi ya mtu anayejiandaa kusema. Bibi akamtangulia. "Chai nilimpa ya mafua, mwanangu. Haya siyo mafua. Ningekuwa nadhani ni mafua ningekuwa nimelala."

Kijana akacheka, akampa "shikamoo" mara ya pili. Ilikuwa nimonia. Kidonge cha amoksilini kikayeyushwa kwenye kijiko cha maji palepale, Sefu akakimeza kwa hasira. Kutwa mara mbili, siku tano, hata akichangamka siku ya pili asiachishwe. Arudishwe baada ya siku mbili aonwe. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, asisubiriwe hata saa moja. Bibi alirudia yote kwa sauti, neno kwa neno. Dawa haikulipiwa, Sefu hajafika miaka mitano. Pikipiki ndiyo iliyokula shilingi 8,000 za kuku.

Siku ya nne nilimkuta Sefu uani amekaa kwenye vumbi, kopo limelala ubavuni, anawatupia kuku mahindi kwa viganja viwili. Nikapiga kelele.

Bibi akatoka jikoni anafuta mikono. Akamtazama mumewe, akalitazama kopo, akaenda kwenye gunia, akachota. Akakaa kizingitini, akaanza kuzihesabu upya moja moja, mpaka arobaini.